Waliingia 84, Walifika 79: Namna ya Kuandika Simulizi ya Shule

Hotuba kwa wamiliki, wakuu wa shule na walimu wa taaluma wa sekondari binafsi, Dar es Salaam

Ndugu wamiliki, wakuu wa shule, walimu wa taaluma, na ninyi wahasibu na matroni ambao mara nyingi hamwitwi kwenye vikao kama hiki, asanteni kwa kufika.

Chukueni vipeperushi vya shule kumi za kutoka Mbezi mpaka Bunju. Zibeni majina na nembo, kisha mjaribu kutambua kipi ni cha shule gani. Hamtaweza. Vyote vina mazingira tulivu, walimu wenye uzoefu, maabara za kisasa, maadili mema na usafiri wa uhakika. Maneno hayo si uongo, ila mzazi ameshayasoma mara tisa kabla ya kufika kwenu, na yamekwisha nguvu.

Kazi ni ngumu zaidi kwa sababu karatasi hiyo moja inasomwa na watu wawili wenye hofu tofauti. Mzazi anaogopa mtoto kuharibika, kuumia, kufeli, au yeye mwenyewe kuishiwa fedha katikati ya mwaka. Mwanafunzi mwenye malengo anaogopa kukaa miaka minne mahali ambapo atafugwa tu, hakuna wa kumsukuma. Kidato cha kwanza huamuliwa zaidi na mzazi. Kidato cha tano ni habari nyingine: pale kijana wa miaka kumi na saba ndiye anayemwambia baba yake anataka shule ipi na tahasusi ipi. Kwa hiyo shule nyingi huandika simulizi mbili. Moja ni ya kumtuliza mzazi, imejaa geti, ukuta, kamera na makatazo. Nyingine ni ya kumvuta mwanafunzi, imejaa safari, kompyuta na picha za watoto wenye makoti meupe ya maabara. Wakikutana mezani nyumbani, mtoto anasoma ya kwanza anaona jela, na mzazi anasoma ya pili anaona ada itapanda.

Leo nataka kuonyesha kwamba simulizi inapaswa kuwa moja, na kwamba haianzii kwenye kaulimbiu. Inaanzia kwenye daftari la mahudhurio.

Tuanze na bango la matokeo, kwa kuwa ndilo mnalolitegemea wengi. Mnajua kwamba Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yale yaliyotoka Januari 2023. Kabla ya hapo, shule iliyoingia kumi bora haikuhitaji kujieleza. Sasa kila shule inajitangazia yenyewe, na barabara ya Bagamoyo imejaa mabango ya "Daraja la Kwanza asilimia 100". Mzazi wa mjini ameshajua kulipima bango hilo, na kama hamjui anavyolipima, nawaeleza.

Anaingia kwenye tovuti ya NECTA, anafungua matokeo ya kidato cha nne ya shule yenu, anahesabu waliofanya mtihani. Kisha anarudi miaka miwili nyuma, anafungua upimaji wa kidato cha pili wa shule hiyohiyo, anahesabu tena. Akikuta watoto 60 kidato cha pili na 22 kidato cha nne, asilimia mia yenu imekuwa ushahidi dhidi yenu. Atauliza wale 38 walikwenda wapi, na jibu analijua: walichujwa kwa wastani wa shule, au waliambiwa wahame "kwa faida yao", au walisajiliwa kufanyia mtihani kituo kingine. Wizara ya Elimu imeshapiga marufuku kumfukuza au kumkaririsha mtoto kwa sababu tu hakufikia wastani ambao shule imejiwekea yenyewe. Lakini tuache sheria kidogo. Kwa upande wa simulizi, mchujo unamwambia mzazi kwamba usalama wa mtoto wake shuleni kwenu una masharti, na sharti lenyewe atalijua akiwa ameshalipa ada ya miaka miwili.

Si kila upungufu ni mchujo, na hapa ndipo shule ya haki inapata nafasi. Watoto hupungua kwa sababu za kawaida. Wazazi wanahamishwa kikazi, biashara inayumba, wengine wanashindwa upimaji wa kidato cha pili na kurudia kwa utaratibu wa serikali. Tofauti ni kwamba shule ya haki inaweza kuwataja waliopungua mmoja mmoja na sababu zao. Basi ifanyeni hesabu hiyo, muiandike, muiweke ukurasa wa mbele.

Tuchukue shule ya kubuni, tuiweke Goba, ya kutwa na bweni. Januari 2021 ilipokea watoto 84 kidato cha kwanza. Mwalimu wa taaluma anachukua daftari la usajili na anafuata kila jina. Anakuta 11 waliondoka kwenye kundi hilo: sita wazazi walihama au walishindwa ada, watatu walirudia kidato cha pili, wawili waliondolewa kwa makosa ya nidhamu. Anakuta pia sita walihamia kutoka shule nyingine. Ukitoa 11 na kuongeza sita, unabaki na 79, na 79 ndio waliofanya mtihani Novemba 2024. Daraja la kwanza 31, la pili 27, la tatu 15, la nne sita, sifuri hakuna.

Kwenye bango, shule hii inaonekana dhaifu mbele ya ile yenye watoto 22 wa daraja la kwanza. Mezani kwa mzazi ni kinyume chake, mradi hesabu imeandikwa kwa mfululizo wake na namba ya kituo cha mtihani imewekwa pembeni ili ahakiki mwenyewe. Namba ya kituo, ile inayoanza na herufi S, ni maneno machache kuliko "walimu wenye uzoefu", na inafanya kazi kubwa zaidi. Mtu anayekupa njia ya kumkagua huwa anaaminika kabla hujamkagua. Wekeni na namba ya usajili wa shule hapohapo.

Kazi hii ya kufuata majina inachukua siku mbili au tatu kwa kundi la watoto themanini, kama daftari ni safi. Kama si safi, hilo nalo mmelijua. Kosa la kawaida ni kuhesabu waliohamia kana kwamba walianza nanyi. Mkiwachanganya, mtapata namba nzuri ambayo mzazi mmoja mwenye kalamu ataibomoa kwenye mkutano.

Sasa hatua ya pili, ambayo shule chache sana huifanya. Mnawapa watoto mtihani wa usaili, si ndiyo? Zile alama huishia kwenye faili. Zitoeni. Kwenye shule yetu ya mfano, kati ya wale 79 kulikuwa na watoto 28 walioingia wakiwa na wastani wa chini ya 50 kwenye usaili. Mwisho wa kidato cha nne, watatu walipata daraja la kwanza, 11 la pili, 10 la tatu, wanne la nne. Yaani nusu ya watoto walioingia dhaifu walitoka na daraja la kwanza au la pili. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mzazi wa mtoto wa kawaida anaitafuta, na wazazi wa watoto wa kawaida ndio wengi. Mzazi hana njia ya kuipata NECTA. Anaipata kwenu tu.

(Wale wanaochukua watoto wakali sana wa darasa la saba na kuwasomesha bure ili wapandishe matokeo, sina ugomvi na ufadhili. Ila matokeo ya watoto hao yahesabiwe kando. Hayamwambii kitu mzazi anayelipa ada kamili.)

Tumemtuliza mzazi. Je, mwanafunzi mkali? Yeye haoni fahari kusoma na watoto wa chini ya 50, na lazima apate chake kwenye simulizi hiyohiyo. Hapa inabidi tuelewe daraja la kwanza ni nini hasa.

Daraja hupangwa kwa masomo saba bora. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Daraja la kwanza ni kuanzia pointi 7 hadi 17. Fanyeni hesabu: mtoto mwenye B nne na C tatu ana pointi 17. Ana daraja la kwanza na hana A hata moja. Na kwa kuwa yanahesabiwa saba bora, mtoto aliyefanya masomo tisa anaweza kupata F ya hisabati na bado akawa na daraja la kwanza, kwa sababu ile F haikuingia kwenye saba. Mwanafunzi anayetaka PCM au PCB analijua hili vizuri kuliko baba yake. Akiona "Daraja la Kwanza 31" anauliza swali moja: fizikia, kemia na hisabati mlipata nini? Cheti chenye daraja la kwanza na D ya fizikia hakimfikishi anakotaka kwenda.

Kwa hiyo shule yetu ya Goba inaongeza mistari miwili tu. Wa kwanza: kati ya 79, watoto 46 walipata C au zaidi katika hisabati. Wa pili: kati ya 31 wa daraja la kwanza, tisa walikuwa na pointi 7 hadi 10. Mstari wa hisabati una faida mara mbili. Mzazi anaona asilimia 58 kwenye somo linalowaangusha wengi nchini, na mwanafunzi anaona kwamba hapa somo gumu halifichwi nyuma ya saba bora. Takwimu moja inawasemesha wote wawili. Mkiwa na somo ambalo mmefanya vibaya, andikeni na lenyewe, pamoja na hatua mliyochukua. Andikeni hatua yenyewe, kwa mfano "tumeajiri mwalimu wa pili wa fizikia na tumegawa mkondo wa watoto 46 kuwa miwili ya 23". "Tunajitahidi kuboresha" haisemi chochote.

Kitu cha pili anachotafuta mwanafunzi wa namna hii ni nafasi ya kushika vitu kwa mikono yake. "Maabara za kisasa" haimwambii chochote, kwa sababu hata shule aliyotoka rafiki yake ina maabara yenye kufuli. Hebu tuliangalie jaribio la kupima asidi kwa bureti, lile la kemia ambalo kila mtahiniwa atalikuta kwenye vitendo. Darasa la watoto 40 likiwa na bureti tano, kila kundi lina watoto wanane. Mmoja anashika bureti, mmoja anaandika, sita wanatazama, na usomaji mmoja unanakiliwa na wote wanane. Kwenye mtihani kila mmoja yuko peke yake, na ndipo anapoipita rangi ya mwisho kwa sababu hajawahi kuifungua ile koki mwenyewe. Mkiwa na bureti 20 na vishikizo vyake, mkaligawa darasa mara mbili, kila nusu vipindi viwili vya dakika 40 mfululizo, kila mtoto anafanya jaribio lake na kulirudia walau mara moja. Gharama iko zaidi kwenye ratiba na kwenye mwalimu au fundi wa maabara kuliko kwenye vioo.

Sasa andikeni hivi: "Kuanzia kidato cha tatu, kila mwanafunzi hufanya jaribio la kemia akiwa na bureti yake, hakuna kundi." Mzazi anasoma uangalizi na matayarisho ya mtihani. Mwanafunzi anasoma kwamba hatatazama mgongo wa mwenzake. Kama hamjafika huko, msiandike. Semeni "wawili kwa bureti moja" kama ndivyo ilivyo. Wanafunzi wana ndugu na majirani ndani ya shule zenu, na maneno husafiri kwenye WhatsApp kabla ya kipeperushi kukauka wino.

Mmeona namna sentensi hiyo ilivyojengwa: kuna uhuru anaopewa mtoto, na kuna mtu anayeusimamia. Ndivyo ninavyoshauri muandike kila jambo la shule. Uhuru ukiandikwa bila msimamizi unamtisha mzazi, na usimamizi ukiandikwa bila uhuru unamkimbiza mtoto. Chukueni prepo. Shule nyingi huandika "prepo ya lazima kila siku". Kwa mzazi hiyo haitoshi, kwa sababu hajui nani yuko darasani usiku. Kwa mwanafunzi ni adhabu. Iandikeni hivi: "Prepo ni saa 1:00 hadi saa 3:30 usiku. Jumanne na Alhamisi mwalimu wa hisabati yupo mpaka mwisho, na anajibu maswali ya mtu mmoja mmoja, hata yaliyo nje ya kipindi cha siku hiyo. Taa za bweni huzimwa saa 4:30. Kidato cha nne wanaruhusiwa chumba cha kusomea mpaka saa 5:00, matroni akiwepo, kwa kusaini daftari." Ni sentensi nne. Mzazi ameona saa, mtu na daftari. Mwanafunzi ameona mwalimu wa kumuuliza na nusu saa ya ziada akifika kidato cha nne.

Vivyo hivyo na maabara ya Jumamosi, na maktaba, na simu. Kwenye simu msikwepe: semeni ziko wapi, nani anazitunza, mtoto wa bweni anampigia mama yake siku gani na saa ngapi. Swali hilo litaulizwa na wote wawili, kwa sababu tofauti.

Usafiri nauweka peke yake kwa kuwa ndiko ahadi za shule za Dar es Salaam zinakovunjika zaidi. "Tunachukua mtoto mlangoni" ni ahadi ya kiangazi. Masika ikishika, njia za ndani za Goba, Madale na Kinyerezi hazipitiki, dereva anamshusha mtoto barabara kuu, na mzazi anapigiwa simu akiwa kazini Posta. Si kosa la dereva. Ni kosa la aliyeandika "mlangoni". Kila mtoto apewe vituo viwili kwenye fomu, kituo cha kawaida na kituo cha mvua, na mzazi asaini vyote. Kisha wekeni muda wa kila njia kama ulivyo siku ya Jumatatu yenye foleni, wala si kama ulivyo Jumapili mliyopima. Kama mtoto wa Chanika anapanda gari saa 10:30 alfajiri ili afike Mbezi saa 1:00, semeni hivyo, na mpendekezeni bweni. Mtoto anayeamka saa 9:45 usiku kwa miaka minne analala kwenye kipindi cha tatu, na matokeo yake yatahesabiwa kwenu. Shule inayoweza kumwambia mzazi "njia hiyo hatuiendeshi, ni ndefu mno kwa mtoto" inapoteza ada moja na kupata sifa ambayo bango haliinunui.

Kwenye ada nitasema kwa ufupi, maana mnajua. Bango la shule yetu ya mfano lingeweza kusema "ada 2,400,000 tu". Ongezeni usafiri 900,000, chakula cha mchana 540,000, sare na vifaa vya mwaka wa kwanza 210,000, mitihani ya majaribio 70,000 na bima 30,000. Jumla ni 4,150,000. Mzazi aliyekuja na bajeti ya milioni mbili na nusu atakaa kwenye kiti cha mhasibu Januari akijihisi ametegwa, na hakuna sentensi ya simulizi yenu atakayoiamini tena. Andikeni 4,150,000 kwanza, kisha mchanganuo, kisha awamu na tarehe zake. Chini yake semeni mtoto hufanywa nini awamu ikichelewa: barua inatoka baada ya siku ngapi, nani anazungumza na mzazi, na kama mtoto anazuiliwa mtihani au la. Mkikaa kimya kwenye hilo, mzazi anajaza mwenyewe, na hujaza vibaya.

Nidhamu. Neno hili mnalitumia kama ngao. Mzazi mmoja akilisoma anatulia, mwingine anaona fimbo, na mwanafunzi mwenye akili anaona mwalimu asiyejibu maswali. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka kikomo cha viboko vinne, na kiboko hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, na kila tukio huandikwa kwenye kitabu. Kama shule yenu haichapi, semeni wazi inafanya nini badala yake. Kama inachapa, semeni kwamba kitabu kipo na mzazi anaruhusiwa kuona ukurasa wa mtoto wake. Katikati hakuna maneno matamu yatakayosaidia.

Na picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Picha ya mtoto, jina lake na matokeo yake ni taarifa binafsi, na aliye chini ya miaka 18 anaombewa ridhaa kwa mzazi. Bango lenye sura ya mtoto na "pointi 7" chini yake linahitaji karatasi iliyosainiwa, inayosema picha itatumika wapi na kwa muda gani, na namna mzazi atakavyoiondoa akibadili nia. Wahitimu nao waombwe. Mkifanya hivyo, semeni kwenye fomu ya kujiunga kwamba ndivyo mnavyofanya. Ni mstari mmoja, na unamwonyesha mzazi shule inavyomtazama mtoto wake.

Maswali ya kujibu mtayapata wapi? Msiajiri mtu wa kuwabunia. Mwambieni dada wa mapokezi aweke daftari kando ya simu kuanzia matokeo ya darasa la saba yanapotoka, aandike kila swali kwa maneno ya aliyeuliza, bila kulisafisha. Baada ya wiki mbili mtaona maswali manane au tisa yanarudi. Mengi hayapo kwenye vipeperushi vyenu. "Usiku akiumwa nani anampeleka hospitali, na kwa gari gani?" ni swali la matroni, na matroni ndiye aandike jibu lake. Mwalimu wa taaluma ataandika "huduma bora ya afya". Matroni ataandika kwamba kuna gari moja linalolala shuleni, ufunguo uko kwa mlinzi mkuu, na mzazi anapigiwa kabla gari halijatoka getini. Tumieni maneno yake, mrekebishe tahajia tu.

Kisha mpeni rasimu mzazi asiyewajua na kijana wa kidato cha pili wa shule nyingine, kila mmoja peke yake. Msiwaulize kama wameipenda. Waambieni wafunike karatasi na waseme wanakumbuka nini. Wakirudia "mazingira mazuri", rudini mezani. Wakirudia 84 na 79, bureti, au kituo cha mvua, mko karibu.

Namalizia na kalenda, kwa sababu inawaponza wengi. Uamuzi wa kidato cha kwanza hufanyika kati ya Oktoba na Desemba, wakati wa masomo ya maandalizi. Matokeo yenu ya kidato cha nne hutoka Januari. Maana yake karatasi mnayogawa Novemba ina matokeo ya kundi la mwaka uliopita, na lazima mwaka huo uandikwe wazi. Wengine huacha mwaka bila kuuandika wakitumaini msomaji atadhani ni ya juzi. Januari ikifika, matokeo mapya yakashuka, mzazi aliyelipa Desemba anajiona amedanganywa.

Kwa hiyo ujumbe wa Januari uandikwe Desemba, ukiwa na nafasi za namba tu. Uwe mfupi, wa mkuu wa shule mwenyewe, utumwe siku hiyohiyo matokeo yanapotoka, kwa wazazi wote wa zamani na wapya kwa pamoja. Yakipanda au yakishuka, muundo haubadiliki: "Waliingia __, walifanya mtihani __. Daraja la kwanza __, la pili __, la tatu __, la nne __, sifuri __. Hisabati C au zaidi __. Somo lililoshuka zaidi ni __. Sababu tunayoiona ni __. Kuanzia tarehe __ tunafanya __. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ya tarehe __, saa 3:00 asubuhi, na walimu wa somo hilo watakuwepo." Sehemu ngumu kuijaza ni ile ya sababu, na walimu watataka kuandika "watoto hawakujituma". Msiikubali. Mrudishieni mwalimu karatasi mpaka aandike kitu ambacho shule inaweza kukibadilisha: mada iliyofundishwa mwezi wa mwisho, vipindi vilivyopotea mwalimu alipoondoka Juni, mtihani wa majaribio uliosahihishwa ukachelewa kurudi. Nakala moja ya ujumbe huo ibandikwe mapokezi, palepale alipo dada mwenye daftari.

Asanteni. Nayapokea maswali, na naomba tuanze na wahasibu.